Duara la Milimita 23

Gatumba iko kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, karibu na mahali Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika. Mafuriko yakifunika vyoo, kuhara hakuchelewi. Mtoto anayehara damu hupewa dawa mara moja, na dawa hiyo ilichaguliwa kwa majibu ya maabara ya miaka iliyotangulia. Ndiyo maana historia ya majibu hayo inatuhusu.

Mwaka 1979 bakteria wa shigela aina ya kwanza walianza kuenea Afrika ya Kati. Dawa zilishindwa moja baada ya nyingine, na Novemba 1990 wachunguzi waliopima vinyesi vya wagonjwa nchini Burundi waliwakuta wakistahimili dawa zote za kumeza zilizokuwapo nchini, pamoja na asidi ya nalidiksi.

Usugu wa namna hiyo huonekana kwa kipimo cha diski, kilichosanifishwa na Bauer, Kirby na wenzao huko Seattle mwaka 1966. Bakteria huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kiwango cha 0.5 cha McFarland, kisha hupakwa juu ya agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4. Diski ya karatasi yenye dawa huwekwa juu, na sahani hukaa kwenye joto la 35°C kwa saa 16 hadi 18. Dawa husambaa ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali, na pale inapozidiwa bakteria huota. Mpimaji hupima kwa rula kipenyo chote kisicho na bakteria, diski ikiwemo. Bakteria wakipakwa wengi mno, au agari ikiwa nene, duara husinyaa na dawa nzuri huonekana imeshindwa. Kwa hiyo bakteria wa kulinganishia, ambao kipenyo chao kinajulikana, hupimwa pia; wao wakitoka nje ya kiwango, majibu ya wagonjwa hayatolewi.

Sasa tuchukue sahani moja ya shigela. Diski ya asidi ya nalidiksi haina duara lolote, kwa hiyo tunaandika milimita 6, upana wa diski yenyewe. Siprofloksasini ina milimita 23. Kwa jedwali la zamani la CLSI ya Marekani, 21 na zaidi ilimaanisha dawa inafaa. Mwaka 2019 kiwango kilipandishwa hadi 26, na 22 hadi 25 ikawa daraja la kati. Sahani haikubadilika, jibu limebadilika.

Kwangu, ushahidi ulikuwa kwenye diski ya kwanza. Badiliko moja katika jeni la bakteria hutosha kufuta duara la asidi ya nalidiksi, huku likipunguza tu lile la siprofloksasini. Aliyesoma diski ya pili peke yake aliandika "inafaa" kuhusu bakteria aliyekwisha kupiga hatua ya kwanza ya usugu. Kwa hiyo anayelinganisha daftari za kabla na baada ya 2019 atafute milimita zenyewe. Palipoandikwa neno tu, hawezi kujua kama bakteria walibadilika au ni jedwali.