Uchanganuzi wa QR kwa uakisi wa Householder

Uchanganuzi wa QR kwa uakisi wa Householder ni njia ya kutatua mfumo wa milinganyo mistari ambao vipimo vyake ni vingi kuliko viwango visivyojulikana. Mfumo wa namna hiyo kwa kawaida hauna jibu linalotosheleza milinganyo yote, kwa hiyo hutafutwa jibu ambalo jumla ya miraba ya makosa yake ni ndogo kuliko ya jibu jingine lolote. Njia hii inaitwa kwa jina la Alston Householder (1904–1993), mwanahisabati wa maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, aliyeieleza katika makala fupi ya mwaka 1958. Mwaka 1965 Gene Golub alionyesha jinsi ya kuitumia kwa tatizo la miraba midogo kabisa, na tangu hapo imekuwa njia ya msingi katika programu za hesabu.

Mfano mzuri unapatikana Kanyakine, katika Imenti Kusini, kaunti ya Meru, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Anayepanda kutoka mashamba ya chini kuelekea msitu huhisi joto likipungua, hupita penye kahawa na kufika penye majani chai. Tuseme mtu ameweka vipimajoto vinne kwenye mteremko huo, kila kimoja mita 100 juu ya kilichotangulia, akapata wastani wa nyuzi 20.2, 19.7, 18.9 na 18.4 za Selsiasi. (Namba hizi zimetungwa ili hesabu ifuatike kwa mkono.) Anataka mstari t = c + m·h, ambapo h ni mwinuko kwa mamia ya mita kutoka kipimajoto cha kwanza. Visivyojulikana ni viwili, c na m. Milinganyo ni minne.

Matriki A ina safu wima mbili: ya kwanza ni (1, 1, 1, 1), ya pili ni (0, 1, 2, 3). Lengo ni kuigeuza iwe na sifuri chini ya ulalo, bila kubadili urefu wa vekta yoyote. Sharti hilo la urefu ndilo linaloipa njia hii nguvu: makosa yakibaki na urefu uleule, jibu linalopunguza makosa baada ya kugeuza ndilo lililokuwa likiyapunguza kabla.

Kioo hutimiza sharti hilo. Householder huweka kioo katikati ya safu wima na mhimili wa kwanza, safu nzima ikaangukia kwenye mhimili huo. Vekta iliyosimama wima juu ya kioo huitwa v, na kuakisi vekta yoyote y ni kuiondolea v mara 2(v·y)/(v·v). Urefu wa (1, 1, 1, 1) ni 2. Urefu huo huongezwa kwenye namba ya kwanza ya safu, tukapata v = (3, 1, 1, 1), ambayo v·v yake ni 12. Safu ya kwanza inakuwa (−2, 0, 0, 0). Kwa safu ya pili, v·y ni 6, kwa hiyo tunaondoa v mara moja kamili, na inabaki (−3, 0, 1, 2). Vipimo vya joto navyo huakisiwa kwa kioo hichohicho: v·t ni 117.6, tunaondoa v mara 19.6, na tunapata (−38.6, 0.1, −0.7, −1.2).

Safu mlalo ya kwanza imekamilika na haiguswi tena. Kioo cha pili hushughulikia (0, 1, 2), ambayo urefu wake ni kipeuo cha pili cha 5, yaani 2.236. Hapa v ni (2.236, 1, 2), na safu inakuwa (−2.236, 0, 0). Sehemu ya chini ya vipimo vya joto inakuwa (1.386, −0.125, −0.049).

Sasa hesabu inakwenda kutoka chini kwenda juu. −2.236·m = 1.386, kwa hiyo m = −0.62. Kisha −2c − 3m = −38.6, kwa hiyo c = 20.23. Joto linapungua nyuzi 0.62 kwa kila mita 100. Namba mbili zilizosalia mwishoni, −0.125 na −0.049, zisitupwe, kwa kuwa jumla ya miraba yake, 0.018, ndiyo jumla ya miraba ya makosa. Ukigawa kwa 2 (vipimo vinne ukitoa visivyojulikana viwili), ukachukua kipeuo cha pili, kisha ukagawa kwa 2.236, unapata takriban 0.04, ambayo ni kosa sanifu la m.

A imegeuzwa kuwa R, matriki yenye sifuri chini ya ulalo; matriki Q, inayobeba vioo vyote viwili kwa pamoja, haikuandikwa popote. Programu nzuri pia haziiandiki. Hutunza zile v tu, katika nafasi zilizoachwa na sifuri.

Katika kujenga v, urefu huongezwa kwa alama ileile ya namba ya kwanza ya safu. Ukiutoa badala ya kuuongeza, jibu la karatasini ni sahihi bado, lakini kompyuta inaweza kuharibu. Chukua safu (5000, 0.00001): urefu wake unatofautiana na 5000 kwa kiasi kidogo kuliko kompyuta inavyoweza kuhifadhi, hivyo tofauti inatoka sifuri na kioo kinawekwa mahali pasipo pake.

Njia ya zamani zaidi, inayofundishwa kwanza vyuoni, ni kuzidisha A kwa geuzo lake na kutatua milinganyo inayotokana. Ina kazi karibu nusu ya njia ya Householder vipimo vinapokuwa vingi sana, na kwa mfano wa vipimajoto ingetoa jibu lilelile. Tatizo lake hujitokeza kwa wapima ardhi. Kanyakine iko kusini kidogo ya ikweta, na katika mfumo wa UTM wa ukanda wa 37 kusini, ikweta imepewa namba 10,000,000. Kwa hiyo kaskazini ya kila alama ya hapo ni mita karibu milioni kumi. Tuseme tunataka mstari wa ukuta uliopimwa kwa alama nne zilizoachana sentimita 10 kuelekea kaskazini. Mtawanyiko wa kaskazini hizo, ukipimwa kwa jumla ya miraba kutoka wastani, ni 0.05. Njia ya zamani hulazimika kuupata kutoka jumla ya miraba ya namba zenyewe, inayokaribia 4 ikifuatiwa na sifuri 14. Namba kubwa kiasi hicho, kwa hesabu ya kawaida ya biti 64, huhifadhiwa kwa hatua za 0.0625. Habari tuliyoihitaji ni ndogo kuliko hatua moja, kwa hiyo imefutika kabla ya kutatua chochote. Householder hafanyi mraba wa data: kaskazini yenyewe huhifadhiwa kwa hatua za takriban sehemu mbili kwa bilioni za mita, nayo tofauti ya sentimita 10 hubaki na tarakimu saba hivi za kuaminika.

Dawa rahisi zaidi, ambayo mpima ardhi mzoefu hutumia bila kuulizwa, ni kutoa wastani kwanza. Hata hivyo si kila anayebandika data kwenye programu hukumbuka. Katika lugha ya R, vitendo `lm` na `qr` hutumia uakisi wa Householder, na mfano wa vipimajoto unaweza kukaguliwa hivi:

```r
h <- c(0, 1, 2, 3)
t <- c(20.2, 19.7, 18.9, 18.4)
f <- qr(cbind(1, h))
qr.R(f)
qr.coef(f, t)
```

Alama za safu mlalo za matriki R zinaweza kutoka kinyume na za hapo juu. Namba c na m hazibadiliki. Ukiipa `lm` kaskazini za ukuta bila kutoa wastani, itaandika `NA` mahali pa m. Algorithimu haijashindwa. Programu imeona kwamba baada ya kioo cha kwanza safu ya pili imebaki na urefu wa chini ya sehemu moja kwa milioni kumi ya urefu wake wa awali, ikaihesabu kuwa nakala ya safu ya kwanza. Kikomo hicho ni 1e-7, na mtumiaji anaweza kukishusha kwa `tol`.

Kuna kosa ambalo hakuna kioo kinachoweza kulionyesha moja kwa moja. Kipimajoto kimoja kikiachwa juani, uakisi utachukua namba yake kwa uaminifu kama zile nyingine, na kwa kuwa makosa hupigwa mraba, namba hiyo mbaya huvuta mstari kuliko zote. Matriki R inabaki ileile kabisa, kwa kuwa inatokana na miinuko tu. Mabadiliko huonekana upande wa joto: namba za mkiani, ambazo hapa hazikuzidi 0.13, hukua ghafla.