Ni Uwiano wa Gini, Si Mgawo

Nimechoka kusoma "mgawo wa Gini". Umeingia katika ripoti na katika vitini vya wanafunzi, na kila unapoingia unaharibu sentensi. Mgawo ni kile anachopokea mtu: mgawo wa maji, mgawo wa unga. Ukiandika kwamba mgawo wa Gini umepanda, msomaji wa Galbet, Garissa, aliyepanga foleni ya unga mwaka wa ukame ataelewa kuwa watu wameongezewa kitu, kumbe kilichoongezeka ni pengo baina yao. Waliolipitisha neno hili hawakujiuliza litasikika vipi Garissa.

Mimi natetea uwiano wa Gini, na hoja yangu ina mizizi. Kitenzi cha kale ni kuwia, yaani kumdai mtu. Mwia ni mdai, na anayedaiwa huwiwa. Kuwiana basi ni kudaiana, kila upande ukipimwa kwa mwenzake, na hapo ndipo hisabati ilipochota neno uwiano. Corrado Gini mwenyewe, Mwitaliano, alipokieleza kipimo hiki mwaka 1914 alikiita kwa lugha yake uwiano wa mkusanyiko. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na neno lake chenyewe, tukalipita. Wapo wanaopendelea fahirisi. Hao wamepewa orodha ya mwisho wa kitabu, waitumie huko.

Tena uwiano ndio ukweli wa kipimo chenyewe. Mmarekani Max Lorenz alionyesha mwaka 1905 kwamba ukipanga watu kuanzia maskini hadi tajiri na kujumlisha mapato yao hatua kwa hatua, unapata tao linalobonyea chini ya mstari wa mshazari. Eneo lililo kati ya mshazari na tao, ukiligawa kwa eneo lote la pembetatu iliyo chini ya mshazari, unapata uwiano wa Gini.

Tuchukue mfano wa kubuni: kaya tano za Galbet zenye mapato ya mwezi ya shilingi 4,000, 6,000, 10,000, 20,000 na 60,000. Jumla ni 100,000, kwa hiyo tao linapita asilimia 4, 10, 20, 40 na 100. Uwiano ni 0.504. Sasa kaya tajiri itozwe 4,000, na kaya mbili za chini zipewe 2,000 kila moja, kiasi kile kile anacholipwa mzee kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Tao linapanda hadi asilimia 6, 14, 24, 44 na 100, na uwiano unashuka hadi 0.448. Lakini fedha hizo hizo zikipewa kaya ya nne pekee, uwiano unaishia 0.488. Kipimo hiki huhesabu shilingi imevuka ngazi ngapi kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji. Anayesema "tumegawa milioni kadhaa" bila kusema zimemfikia nani hajasema lolote kuhusu usawa.

Wala uwiano mdogo si dalili ya neema. Katika ripoti ya mwaka 2013 ya shirika la takwimu la taifa la Kenya na wenzake, iliyoshuka hadi ngazi ya wadi, Turkana ilikuwa na uwiano mdogo kuliko kaunti zote, 0.283, na Tana River, jirani wa Garissa, ilikuwa ya juu kabisa, 0.617. Turkana walikuwa karibu kulingana kwa sababu wengi wao walikuwa maskini.

Kwa matumizi: andikeni uwiano wa Gini na tao la Lorenz, na mseme kama mmepima mapato au matumizi, maana ripoti ile ilipima matumizi.

Swali la kinachopimwa ni zito zaidi Galbet kuliko Nairobi. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja kwa zaka, na mbuzi huyo huenda kwa fukara. Huo ni ugawaji upya wa kweli, ila unatoka katika mali, wala hautoki katika mapato ya mwezi. Dodoso linalouliza mshahara na mauzo tu halitamwona mbuzi huyo kwa mtoaji wala kwa mpokeaji, na tao halitasogea hata unywele. Maziwa yanayonyweka nyumbani nayo yasipothaminiwa kwa bei ya soko, mfugaji ataandikwa chini kabisa ya safu akiwa na ngamia kumi malishoni. Nimesikia wataalamu wakibishana saa nzima juu ya desimali ya tatu ya uwiano huo, na hakuna aliyeuliza kama dodoso lilikuwa na swali la mifugo.