ORS na kinywaji cha wanamichezo: safari mbili za chumvi na sukari

Maji yenye chumvi na sukari yaliingia katika tiba na katika michezo ndani ya muongo mmoja, lakini kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1965 Dakta Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, waliulizwa na kocha msaidizi kwa nini wachezaji wa timu ya chuo hicho hawakojoi wakati wa mechi. Jibu lilikuwa jasho. Wakachanganya maji, chumvi na sukari, na mke wa Cade akashauri waongeze maji ya limau ili kinyweke. Ndiyo asili ya Gatorade, iliyopewa jina la timu hiyo, Gators.

Upande wa pili ulianzia kwenye utumbo. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja kwenye chembehai za ukuta wa utumbo mwembamba, na maji hufuata nyuma yao. Lililowashangaza madaktari ni kwamba njia hiyo haifungwi na kipindupindu. Utumbo unaomwaga maji kwa lita bado unaweza kuyapokea, mradi chumvi na glukosi viwepo kwa kiasi kinachoshabihiana. Kukosea vipimo kuna gharama: majaribio ya awali yaliyofanyika Ufilipino mwaka 1962 kwa mchanganyiko uliokolea kupita kiasi yaliishia kwa vifo. Vipimo vilivyofaa vilithibitishwa Dhaka mwaka 1968 na David Nalin na Richard Cash.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1971. Vita vya Bangladesh viliwasukuma wakimbizi hadi Bangaon, India, kipindupindu kikazuka na dripu zikaanza kuisha. Dakta Dilip Mahalanabis akaagiza pakiti zitengenezwe Kolkata: kwa kila lita ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za bikaboneti ya sodiamu. Maji hayo yaliwekwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha. Vifo, vilivyokuwa vimefikia takribani asilimia 30, vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Miaka michache baadaye Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaanza kusambaza pakiti za ORS.

Mwaka 2002 kanuni ya pakiti ilipunguzwa ukali. Lita moja ya ORS ya sasa ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi, yaani gramu 13.5, pamoja na potasiamu. Gatorade ya kawaida ina takribani milimoli 20 za sodiamu na gramu 60 hivi za sukari.

Tofauti hiyo huonekana wazi mtoto anapohusika. Mtoto wa kilo 10 aliyeanza kukaukiwa, ambaye macho yameingia ndani, ana kiu kali na ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, huhitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, yaani mililita 750. Akipewa ORS atapata milimoli 56 za sodiamu na gramu 10 za glukosi. Akipewa kinywaji cha wanamichezo kwa kiasi hicho hicho atapata milimoli 15 tu za sodiamu na gramu 45 za sukari. Sukari hiyo nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, hivyo kuhara kunaweza kuzidi. Chumvi nayo haitoshi kufidia ile inayopotea kwenye choo; sodiamu ya damu ikishuka sana, mtoto huwa mlegevu na anaweza kupata degedege.

Si kila kuhara kunakotisha kiasi hicho. Utafiti uliofanyika Toronto na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa mwepesi, ambao hawajakaukiwa au wamekaukiwa kidogo mno, waliendelea vizuri kwa juisi ya tufaha iliyozimuliwa nusu kwa nusu, ikifuatwa na vinywaji wavipendavyo. Hao ni watoto wa mji wenye hospitali karibu. Matokeo hayo hayamhusu mtoto mwenye kipindupindu, wala aliyekwisha kulegea.

ORS yenyewe huharibiwa na uchanganyaji. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye nusu lita huwa na chumvi maradufu, na ikitiwa maji mengi hupoteza nguvu, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho cha kufuatwa. Mtoto akitapika, husubiriwa dakika kumi kisha anaendelea kwa kijiko, taratibu. Akishindwa kunywa kabisa, akitapika kila kitu, akitoa damu kwenye choo au akiwa hazinduki vizuri, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.