Tabora: Kitovu cha Njia na Bei ya Kungoja

Pembe ya ndovu iliyofika forodhani Unguja katikati ya karne ya kumi na tisa haikueleza ilikotoka. Huenda ilitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, au Karagwe, au Ufipa. Lakini aghalabu ilikuwa imepita mahali pamoja: Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, mji ambao leo ni Tabora. Huko ilipumzishwa ghalani, ikaungana na pembe nyingine, ikabadilishwa mabega, ndipo ikaanza safari ya pwani. Kwa nini njia zote zilikutana hapo? Na mfanyabiashara aliyetaka kuepuka mkutano huo alilipa nini?

Mpangilio huo unafanana na gurudumu la baiskeli. Katikati kuna kitovu, na kutoka kitovuni spoki huenea kila upande. Spoki ya mashariki ilikwenda Bagamoyo, ya magharibi ilikwenda Ujiji, ya kaskazini ilikwenda Karagwe na Buganda, na ya kusini-magharibi ilielekea Ufipa hadi Katanga. Mpangilio wa pili ni wa njia za moja kwa moja, ambapo kila mji huunganishwa na kila mji mwingine bila kupita katikati. Miji mitano ikiunganishwa hivyo huhitaji njia kumi. Ikiunganishwa kwa kitovu huhitaji tano tu.

Katika nchi ya nyika, njia haikuwa mstari mtupu juu ya ardhi. Ilikuwa visima vinavyojulikana, vijiji vinavyouza mtama, machifu ambao hongo yao imekwisha kuzoeleka, na kirangozi anayejua pa kulala. Kila njia iligharimu miaka ya kujengwa, na haikudumu isipopitwa mara kwa mara. Njia tano zinazopitwa kila msimu zilikuwa na nguvu kuliko njia kumi zinazopitwa kwa nadra.

Unyanyembe ilifaa kuwa kitovu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chakula: nchi ilikuwa na mtama, na Waarabu waliohamia huko walilima mpunga. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni watu. Hapo ndipo palikuwa kwao Wanyamwezi, wapagazi mashuhuri kuliko wote wa bara. Richard Burton, aliyefika Kaze mwezi wa Novemba 1857 baada ya kutembea zaidi ya miezi minne, aliona kwamba misafara huvunjika hapo. Wapagazi walioajiriwa pwani hulipwa na kwenda zao, na wanaokuja kutoka ziwani hulipwa pia, kisha mwenye mali hutafuta watu wapya kwa sehemu ya pili ya safari. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Hakuhitaji kuondoka kwao miaka miwili. Alikwenda pwani na kurudi, au ziwani na kurudi. Si wote waliopita njia hiyo waliokwenda kwa ujira, kwani misafara mingine iliwashusha pwani watu waliokamatwa utumwani. Lakini mizigo ya Unyanyembe iliegemea zaidi mabega ya Wanyamwezi wenye mapatano na mishahara.

Faida ya kitovu ilionekana katika gharama. Mfanyabiashara wa Ujiji mwenye pembe ishirini hakuweza kuunda msafara wa kwenda pwani peke yake. Katika Ugogo angetozwa hongo kila hatua, na mizigo yake michache ingebeba hongo yote. Walinzi wake wangekuwa wachache, na kirangozi mmoja angekula faida ya pembe kadhaa. Alipozifikisha Kaze, pembe zake ziliungana na za Karagwe na za Ufipa katika msafara mmoja wa mamia ya watu, na hongo, ulinzi na kirangozi vikagawanywa juu ya mizigo mingi. Bidhaa za kwenda bara, yaani merikani, kaniki, ushanga na waya, zilifuata kanuni hiyo hiyo kwa kurudi nyuma: ziliagizwa kwa wingi hadi Unyanyembe, kisha zikagawanywa.

Lakini mizigo haiungani bila kungojana. Msafara wa Karagwe ukifika mapema hungoja wa Ujiji. Wote wawili wakifika wakati wa kilimo hungoja mvua ipite, kwa maana Mnyamwezi hakuacha jembe lake kwa ajili ya pembe ya mtu. Na mali hiyo mara nyingi ilikopwa kwa matajiri wa Unguja, hivyo kila mwezi ghalani ulikuwa mwezi wa deni.

Safari ya Henry Stanley ya mwaka 1871 yaonyesha hesabu hiyo waziwazi, kwa tarehe alizoziandika mwenyewe. Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi na kufika Unyanyembe tarehe 23 Juni: siku 94. Hakuondoka tena mpaka tarehe 20 Septemba: siku 89 za kukaa. Kisha akafika Ujiji tarehe 10 Novemba: siku 51. Katika siku 234, zaidi ya theluthi moja hakusogea. Muda wa kukaa kitovuni ulikaribia kulingana na muda wote wa kupanda kutoka pwani.

Safari hiyo kungoja hakukutokana na mvua wala na wapagazi peke yao. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji baada ya kugombana na Waarabu wa Tabora. Hapo ndipo udhaifu wa kitovu ulipojidhihirisha. Mirambo hakuhitaji jeshi la kuzuia njia zote za bara. Alihitaji kushika spoki moja karibu na mahali inapochomoza. Mwezi wa Agosti mwaka huo alivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Shehena ya mahitaji ya David Livingstone ilikuwa imekwama Unyanyembe wakati mwenyewe yuko Ujiji hana kitu. Mfuko wake wa barua, ulioandikwa tarehe ya Novemba 1870 Unguja, ulimfikia mikononi mwa Stanley mwaka mmoja baadaye. Stanley alifika kwa kuzunguka kusini, mbali na nchi ya Mirambo.

Hata baadaye, kitovu hakikuacha kudai muda wake. Stanley aliagana na Livingstone Unyanyembe tarehe 14 Machi 1872, akashuka pwani kwa siku 53 tu, kwa kuwa hakuwa na shehena ya kungojea. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi wa kutumwa kutoka pwani. Walifika katikati ya Agosti. Mzee huyo, ambaye umri wake ulikuwa umebakiza miezi michache, alikuwa ameitumia mitano kungoja.

Je, kukipita kando kitovu hakungekuwa bora? Jaribio lilifanywa, na aliyelifanya ni Stanley yuleyule. Mwaka 1874 alitaka kufika Ziwa Nyanza. Kwa kwenda Ujiji, Tabora haimpotezi msafiri, kwani imekaa karibu juu ya mstari wenyewe. Lakini kwa kwenda Nyanza ni mzunguko: mtu huenda magharibi mno, kisha hugeuka kaskazini. John Speke alikuwa ametembea kutoka Kaze hadi ziwa hilo mwaka 1858, kuanzia tarehe 9 Julai hadi 3 Agosti, siku 25. Zikijumlishwa na zile 94 za mwaka 1871, njia ya kitovu ilikuwa ya siku 119 bila kuhesabu hata siku moja ya kungoja.

Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akaiacha njia kuu katika Ugogo, akakata kaskazini-magharibi kupita Ituru na Usukuma, na tarehe 27 Februari 1875 akafika Kagehyi kando ya ziwa. Siku 102. Aliokoa siku 17 za mwendo na labda miezi ya kukaa Tabora.

Bei yake ilikuwa nzito. Viongozi wa njia aliowapata Ugogo walimtoroka, na msafara ukapotea porini pasipo chakula cha kununua. Watu wakafa kwa njaa. Edward Pocock, mmoja wa Waingereza watatu aliofuatana nao, alikufa kwa homa. Katika Ituru, ambako hapakuwa na mazoea ya misafara mikubwa wala desturi ya hongo iliyokubaliwa, mapigano yalizuka na watu zaidi ya ishirini wa msafara wakauawa. Walioondoka pwani walizidi mia tatu. Waliofika ziwani hawakutimia mia mbili. Njia ya mkato ilikuwa fupi kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeijenga, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa ya kuua.

Kinachoamua baina ya mipangilio miwili, basi, si umbali peke yake. Ni kama mwisho mmoja wa njia waweza kujaza chombo chake wenyewe, na kama kuna wa kuitunza njia hiyo. Hayo yalithibitika reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901. Ghafla mizigo ya pande zote za Nyanza, hata ya Mwanza, ilikuwa na meli za ziwani na treni hadi baharini, na spoki ya kaskazini ya Tabora ikanyauka. Buganda haikuwa na haja tena ya kungojana na Ujiji.

Wajerumani waliirudisha Tabora katikati kwa chuma. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa jumla njia ya misafara. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, tawi la Mwanza likakamilika. Kwa hiyo abiria wa Mwanza alichukuliwa mwendo uleule wa zamani: magharibi hadi Tabora, kisha kaskazini. Safari hiyo ya reli ni ya kilomita 1,200 na zaidi, ilhali ndege akiruka toka Dar es Salaam hadi Mwanza hatimizi 900. Stesheni ya Tabora ikawa ghala la kungojana kama Kaze. Mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda yalitenganishwa na kuunganishwa hapo, na treni moja ikichelewa, nyingine ilisimama kuingoja.

Basi la leo liendalo Mwanza halifiki Tabora. Linapita Singida na Nzega kwa lami, upande uleule aliouelekea Stanley mwaka 1874. Linaweza kufanya hivyo kwa sababu abiria wa Mwanza peke yao wanatosha kulijaza, na kwa sababu njiani kuna mafuta, chakula na askari wa barabarani. Mizigo mizito bado huitafuta reli, na reli bado hukutana Tabora. Mwembe wa Unyanyembe haukuhama. Kilichobadilika ni nani bado analazimika kukaa kivulini mwake akiwangoja wenzake.