Simu ipi bora? Jibu maswali matatu kwanza

SWALI "simu ipi ni bora?" halina jibu maadamu anayeuliza hajataja fedha alizo nazo, kazi anayoitakia simu hiyo, wala kasoro asiyoweza kuivumilia. Akiliuliza dukani, huenda akaonyeshwa ile ambayo muuzaji anataka iondoke kwanza.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga sokoni, ambaye amemwuliza mwanawe swali hilo. Badala ya kutaja jina la simu, kijana anaanza na bei: "Mama, hutaki kupita shilingi ngapi?"

Mama anajibu kuwa ana Sh15,000. Kava na kioo cha kukinga vikitengewa Sh1,000, simu yenyewe inabakiwa na Sh14,000. Akishawishika kulipa mdogo mdogo, ajumlishe malipo yote. Kwa mfano, malipo ya awali ya Sh3,000 na Sh60 kila siku kwa mwaka mmoja ni Sh24,900. Isitoshe, simu za mpango huo aghalabu hufungwa malipo yakichelewa.

Swali la pili ni kazi. M-Pesa hutumika hata kwenye kabambe, kwa hivyo haiwezi kuamua lolote hapa. Mama huyu, hata hivyo, hupokea picha za mazao na ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp mchana kutwa. Hivyo ndivyo vinavyojaza hifadhi ya simu. Ikijaa, picha mpya hukataa kupakuliwa na simu huanza kukwama. Basi hifadhi ya GB128 ina thamani kwake kuliko kamera tatu.

Tatu ni kasoro asiyoivumilia. Kibanda chake hakina umeme, naye hutoka alfajiri na kurejea usiku. Kila simu yenye betri iliyo chini ya mAh 5,000 inaondolewa.

Sasa zimebaki simu mbili za Sh14,000 kila moja. Ya kwanza ina kamera ya megapikseli 50, hifadhi ya GB64, na sanduku lake linatangaza "8GB RAM". Ya pili ina RAM ya GB4 na hifadhi ya GB128. Wengi wangeikimbilia ya kwanza. Lakini maandishi madogo sandukuni yanasema "4GB+4GB", maana yake GB4 tu ndizo RAM halisi. Zilizosalia zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo tayari ni ndogo na ina kasi ya chini kuliko RAM. Mama anachukua ya pili.

Kabla ya kulipa, anabonyeza *#06# na kulinganisha nambari za IMEI zinazotokea na zile za sandukuni. Zikitofautiana, simu hiyo si ya sanduku hilo, naye airudishe papo hapo.