Pingamizi la Notisi ya Adhabu: Neno, Kumbukumbu na Kielelezo

Katika lugha ya kodi nchini Tanzania, pingamizi ni maandishi ambayo mlipakodi humpelekea Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ili kupinga uamuzi wa kodi uliokwisha kutolewa, akiutaja uamuzi wenyewe, sababu za kuupinga na nafuu anayoiomba. Neno hili limetokana na kitenzi pinga, ambacho hubeba picha ya kitu kilicholazwa kukingama, kama gogo lililoangukia njia wakati wa masika. Kutoka hapo hupatikana pingama, yaani kukaa kwa kukingama, na pingamiza, yaani kuzuia. Picha hiyo inalingana vizuri na kazi ya neno katika sheria, kwa kuwa pingamizi halifuti deni bali hulazwa mbele ya uamuzi, na likishapokelewa rasmi, sehemu ya deni inayobishaniwa husimama mpaka Kamishna atakapoutazama uamuzi upya.

Kwa sababu hiyo neno hili halipaswi kuchanganywa na majirani zake. Malalamiko huhusu namna mtu alivyohudumiwa, si usahihi wa deni lake. Ombi la msamaha hukiri kwamba adhabu ni halali na kuomba huruma, na ndiyo maana barua inayoanza kwa kukana kosa na kumalizika kwa kuomba kuhurumiwa hujidhoofisha yenyewe. Rufani nayo ni hatua ya baadaye, inayofunguliwa mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi baada ya Kamishna kutoa uamuzi juu ya pingamizi. Barua pepe yenye kichwa cha “malalamiko” inaweza kupelekwa kwenye dawati la huduma ikakaa huko, huku siku za pingamizi zikiisha kimyakimya.

Adhabu pia inahitaji kupambanuliwa. Katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, adhabu ni kiasi kinachokadiriwa na Kamishna kwa sababu wajibu fulani haukutimizwa, ilhali riba hutokana na fedha kuchelewa kulipwa, na faini kwa kawaida hufuata kosa la jinai. Notisi moja inaweza kubeba adhabu na riba kwa pamoja, na anayepinga hulazimika kusema anapinga kipi.

Mfano wa kubuni utaonyesha jambo hili likitendeka. Tuseme kampuni ndogo hukusanya kabichi, karoti na njegere kutoka Nyandira na Langali, katika miinuko ya Mgeta upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, na kuziuza Morogoro mjini. Mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba, hivyo ritani ya mapato, yaani maelezo rasmi ya mapato na kodi ya mwaka, hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi sita, kabla ya Juni kwisha. Kampuni inapokea notisi inayodai kwamba ritani iliwasilishwa mwishoni mwa Septemba, na kwamba adhabu ni shilingi 675,000.

Hesabu hiyo haikuokotwa hewani. Sheria huweka, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi wa kuchelewa, kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 15 za sarafu kwa kampuni na pointi 5 kwa mtu binafsi. Pointi ya sarafu ni kipimo ambacho sheria hukitumia ili thamani ya adhabu iweze kurekebishwa mahali pamoja. Kwa thamani iliyowekwa awali, ya shilingi 15,000, pointi 15 ni shilingi 225,000, na miezi mitatu ya Julai, Agosti na Septemba huzaa 675,000.

Hapa ndipo wengi hukosea kielelezo. Kielelezo, kwa maana ya kisheria, ni hati inayothibitisha hoja fulani, tofauti na kiambatisho, ambacho ni chochote kilichofungwa pamoja na barua. Kampuni, inayoshikilia kwamba ritani ilifika Juni, hukimbilia stakabadhi ya benki inayoonyesha kwamba kodi yote ililipwa Juni, lakini kulipa kodi na kuwasilisha ritani ni majukumu mawili. Stakabadhi hiyo hueleza tu kwa nini asilimia 2.5 ilitoa sifuri na pointi zikatumika badala yake, na haigusi kabisa swali la tarehe ya ritani. Hati inayolijibu swali hilo ni uthibitisho wa kupokelewa kwa ritani, wa karatasi yenye mhuri au wa mfumo, unaoonyesha tarehe ya Juni, mwaka wa mapato unaohusika na namba ya utambulisho wa mlipakodi. Mwaka hustahili kukaguliwa kwa makini, kwa sababu ritani iliyojazwa kwa mwaka usiohusika huonekana kana kwamba haikuwasilishwa, hata kama ilifika kwa wakati.

Kumbukumbu namba, ambayo katika barua za Kiswahili hufupishwa “Kumb. Na.”, ni utambulisho unaoifunga barua na jalada lake. Baadhi ya waandishi huiita rejea, neno zuri katika vitabu, lakini karani wa masjala hutafuta kumbukumbu. Katika barua pepe namba hiyo hunakiliwa herufi kwa herufi na mkwaju kwa mkwaju, pamoja na tarehe ya notisi, katika mstari wa mada: “Yah: Pingamizi dhidi ya notisi ya adhabu Kumb. Na. …, ya tarehe …”. Haifai kuchanganywa na kumbukumbu namba ya malipo, ambayo hutambulisha fedha inayolipwa na haitambulishi uamuzi unaopingwa. Mwili wa barua unaweza kuwa mfupi: kinachopingwa ni shilingi 675,000 zote, sababu ni kwamba ritani ilipokelewa Juni, kama kielelezo cha kwanza kinavyoonyesha, na nafuu inayoombwa ni adhabu kufutwa. Pale Mamlaka inapotaka fomu maalumu au mfumo wake wa mtandaoni utumike, barua pepe hubaki kuwa ushahidi wa mawasiliano na haichukui nafasi ya fomu.

Muda ni siku 30 tangu uamuzi umfikie mlipakodi, wala si tangu ulipoandikwa, na kwa kampuni ambayo watu wake wako Mgeta huku sanduku lake la posta likiwa mjini, tofauti hiyo si ndogo. Bahasha yenye mhuri wa posta hutunzwa pamoja na notisi. Ndani ya siku hizohizo pingamizi la makadirio halipokelewi rasmi mpaka mlipakodi alipe kiasi asichokipinga au theluthi moja ya kilichokadiriwa, kwa kufuata kilicho kikubwa. Kwa kampuni hii, isiyokiri chochote, theluthi ni 225,000. Kama ingekiri miezi miwili, ingelipa 450,000. Asiyeweza kulipa anaweza kumwomba Kamishna kwa maandishi apunguziwe au aondolewe sharti hilo, akitoa sababu, na ombi hilo ni waraka wa pili unaostahili kichwa chake wenyewe.

Kamishna akikataa, siku nyingine 30 huanza kuhesabiwa kuelekea Bodi ya Rufani, ambako neno hubadilika na mlipakodi huitwa mrufani.