Vipimo vya Chakula cha Mchana cha Mwanafunzi kwa Umri: Mfano wa Makande

Wazazi wa Nambis, wilayani Mbulu mkoani Manyara, ambao watoto wao hubeba chakula kwenda shuleni wanaweza kupima mlo huo kwa mahindi na maharage, mazao yanayolimwa katika eneo hilo. Makadirio yafuatayo yanalenga takriban theluthi moja ya mahitaji ya nishati ya mtoto kwa siku. Mahindi na maharage yamepimwa yakiwa makavu, na tunda likiwa limemenywa.

- Miaka 6 hadi 8: mahindi gramu 70, maharage gramu 35, tunda gramu 100.
- Miaka 9 hadi 11: mahindi gramu 95, maharage gramu 45, tunda gramu 120.
- Miaka 12 hadi 13: mahindi gramu 120, maharage gramu 60, tunda gramu 130.

Mafuta ya kupikia ni kijiko kimoja cha chai kwa kundi la kwanza na viwili kwa makundi mengine.

Kosa la kawaida ni kuchanganya uzito wa chakula kikavu na kilichopikwa. Maharage yakiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili kwa kunyonya maji. Gramu 35 za maharage makavu zina protini takriban gramu 8, ilhali gramu 35 za yaliyopikwa zina gramu 3 tu. Mzazi anayepima baada ya kupika bila kurekebisha hesabu humpunguzia mtoto zaidi ya nusu ya protini.

Kwa mfano, mtoto wa miaka 7 mwenye kilo 23 huhitaji protini takriban gramu 21 kwa siku. Makande yake, yakiiva, huwa na uzito wa takriban gramu 250, na humpatia protini gramu 14, kutoka kwenye mahindi na maharage kwa pamoja. Asiye na mizani atumie kikombe cha robo lita: kikijaa maharage makavu hubeba takriban gramu 190, kiasi kinachotosha watoto watano wa umri huo.

Tunda lina kazi ya ziada. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C ya pera, papai au chungwa huongeza ufyonzwaji huo iwapo vitaliwa katika mlo mmoja. Chai huupunguza, hivyo isinywewe pamoja na mlo. Ndizi mbivu huongeza nishati, ila ina vitamini C kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Makande yanayofungwa alfajiri na kuliwa mchana yatiwe yakiwa ya moto sana katika hotpoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Yakifunguliwa yakiwa na povu, utelezi au harufu ya uchachu, yasiliwe.

Mtoto mwenye ugonjwa au uzito pungufu apimwe na mtoa huduma za afya kabla ya kutumia makadirio haya.